Tano Zilizohesabiwa Mara Mbili

Swali lenyewe ni fupi. Juu yake pamechorwa dadu mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, na chini ya picha kuna maneno haya: "Dadu hizi zinarushwa pamoja mara moja. Tafuta uwezekano kwamba angalau dadu moja itaonyesha 5, au jumla ya namba mbili itakuwa 8." Maswali ya sampuli hii yamejaa katika vitabu vya hisabati vya sekondari, na ndani yake hamna kazi nzito kuliko kujumlisha namba ndogo. Lakini ukilitoa mbele ya darasa, usishangae kukusanya majibu manne: 17/36, 16/36, 8/21 na 14/36. Jibu moja tu ndilo sahihi. Yale matatu hayakutokana na uvivu. Kila mmoja aliyeyapata aliorodhesha, akahesabu, akaandika alichokiona.

Tuanze na picha, kwa sababu kuna wanaopotea hapo hapo. Dadu ikichorwa kwa mshazari huonyesha nyuso tatu kwa pamoja, na namba inayohesabika ni ile ya uso wa juu peke yake. Katika picha yetu, dadu nyekundu ina 5 juu. Dadu nyeupe ina 3 juu, lakini ubavuni pake inaonekana 5, na hiyo 5 ya ubavuni haina kazi yoyote. (Kwa wanaopenda kukagua wachoraji: katika dadu ya kawaida nyuso zinazopeana migongo hujumlisha 7, kwa hiyo 5 na 2 haziwezi kuonekana pamoja. Mkikutana nazo katika picha moja, aliyechora hakuwa na dadu mkononi.) Pia picha inaonyesha tokeo moja tu, nyekundu 5 na nyeupe 3. Swali haliulizi juu ya tokeo hilo. Linauliza juu ya yote yanayoweza kutokea.

Yote ni mangapi? Nyekundu inaweza kuanguka kwa namna 6, na kwa kila namna hiyo nyeupe ina namna zake 6, basi jumla ni 36. Njia salama ya kuyaona ni kuchora jedwali: namba za dadu nyekundu zishuke upande wa kushoto, za nyeupe zipite juu, na kila kisanduku kiwe tokeo moja. Weka herufi T panapopatikana tano, na N panapopatikana jumla ya nane.

| | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 | 6 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | | | | | T | |
| 2 | | | | | T | N |
| 3 | | | | | TN | |
| 4 | | | | N | T | |
| 5 | T | T | TN | T | T | T |
| 6 | | N | | | T | |

Hesabu visanduku vilivyoandikwa chochote ndani, uviguse kimoja kimoja kwa kidole. Ni 14. Jibu ni 14/36, ambalo likifupishwa ni 7/18, karibu asilimia 38.9.

Mtu anaweza kusema basi kazi imekwisha, na kwa swali hili ni kweli. Lakini jedwali hili ni dogo kwa bahati tu. Dadu zikiwa tatu, visanduku vinakuwa 216, na karata mbili zikitolewa katika pakiti, vinafika maelfu. Huko hakuna anayechora; watu wanatumia kanuni za kuzidisha na kujumlisha, na kanuni hizo ndizo zilizowapa wenzetu 17 na 16. Ni vizuri kujua kila moja ilipoteleza wakati bado tuna jedwali la kutusuta.

Aliyepata 17 alifikiri hivi: nyekundu ikiwa 5, nyeupe ina namna 6. Nyeupe ikiwa 5, nyekundu ina namna 6. Hizo ni 12. Jumla ya nane hupatikana kwa namna 5: (2,6), (3,5), (4,4), (5,3) na (6,2). Kumi na mbili na tano ni kumi na saba. Hatua zake zote ni za kweli zikitazamwa moja moja. Tazama sasa mstari wa tano na safu ya tano katika jedwali. Mstari una visanduku 6, safu ina visanduku 6, lakini vinakatana mahali pamoja, kwenye (5,5). Kisanduku hicho kimehesabiwa na mstari, kisha kikahesabiwa tena na safu. Vyenye tano ni 11, si 12.

Aliyepata 16 aligundua hilo, akaandika 11, akaongeza 5 za jumla ya nane, akaridhika. Hakutazama kwamba (3,5) na (5,3) zimo katika makundi yote mawili: zina tano, na jumla yake ni nane. Katika jedwali ndivyo visanduku vilivyobeba herufi mbili. Ukihesabu herufi, T ni 11 na N ni 5, jumla 16. Ukihesabu visanduku, ni 14. Ni kama kuandaa sahani za pilau za arusi kwa orodha ya upande wa bwana na orodha ya upande wa bibi, ilhali wawili kati ya wageni wana undugu na pande zote mbili: majina kwenye karatasi ni 16, watakaokaa mkekani ni 14.

Hapa neno "au" limefanya kazi yake ya kihisabati. Mtu akikuuliza chai au kahawa, anategemea uchague kimoja. Swali la uwezekano linapokea pia tokeo lenye vyote viwili, ila linalipokea mara moja.

Kuna njia ya kujikagua ambayo mimi naiamini kuliko kujumlisha na kutoa: hesabu yale yasiyotakiwa. Tokeo lisilofaa ni lile lisilo na tano na jumla yake si nane. Bila tano, kila dadu imebaki na namba 5, kwa hiyo visanduku ni 5 × 5 = 25. Kati ya hivyo, vinavyotoa jumla ya nane ni (2,6), (4,4) na (6,2), vitatu. Visivyofaa ni 22, na 36 ukitoa 22 inabaki 14. Uzuri wa njia hii ni kwamba sharti la "hakuna hata moja" halina mahali pa kukatana. Kila dadu inanyimwa tano, basi. Sharti la "angalau moja" ndilo lenye mitego, kwa kuwa ndani yake kuna moja, kuna mbili, na dadu zikiongezeka kuna tatu na nne, vyote vimefungwa katika furushi moja.

Tumebakiza aliyeandika 8/21, na huyu ndiye wa kuangaliwa kwa makini zaidi, maana kosa lake linakwenda upande wa pili. Yeye aliogopa kuhesabu mara mbili. Akasema 3 na 5 ni kitu kilekile na 5 na 3, akaandika kila jozi mara moja. Kwa namna hiyo jozi zote ni 21: sita za pacha kama (4,4), na kumi na tano za mchanganyiko. Zenye tano ni 6, zenye jumla ya nane ni 3, na moja imo kote kote. Sita na tatu, toa moja, nane. Hakurudia chochote, wala hakusahau chochote.

Kasoro ni kwamba jozi zake 21 hazina uzito sawa. Kugawa idadi ya yanayotakiwa kwa idadi ya yote kunaleta uwezekano pale tu ambapo kila moja kati ya hayo yote lina nafasi sawa ya kutokea. Jozi ya 3 na 5 inatokea nyekundu ikiwa 3 na nyeupe 5, na pia nyekundu ikiwa 5 na nyeupe 3. Jozi ya 4 na 4 ina njia moja tu. Dadu zikirushwa mara 360, tutegemee jozi ya 3 na 5 mara 20 hivi, na ya 4 na 4 mara 10 hivi. Kuzipaka dadu zote rangi moja hakubadilishi jambo. Dadu hazijui kwamba sisi hatuwezi kuzitofautisha.

Mwenye jibu hili asione haya. Gottfried Leibniz, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1646 na mmoja wa waasisi wa kalkulasi, aliandika kwamba kwa dadu mbili, kupata 12 ni rahisi sawasawa na kupata 11, kwa kuwa kila moja hupatikana kwa njia moja tu. Jedwali letu linamkatalia: 12 ina kisanduku kimoja, (6,6), na 11 ina viwili, (5,6) na (6,5). Kuna na wanaokwenda kinyume chake, wakishajifunza kwamba mpangilio una maana, wakaandika (4,4) mara mbili: "nyekundu 4 na nyeupe 4, kisha nyeupe 4 na nyekundu 4." Hayo ni maneno mawili ya kisanduku kimoja. Kwenye mstari wa nne na safu ya nne kuna mahali pamoja tu pa kuweka kidole.

Sasa tugeukie karata, ambako jedwali halituokoi. Pakiti ina karata 52 bila jokeri: shupaza, kopa, uru na pau (ambayo wengi huiita maua), kila jamii ikiwa na karata 13. Picha ya swali inaonyesha ree nne, zile zenye herufi A, zimepangwa mezani. Swali: karata mbili zinatolewa pamoja bila kuangaliwa, kuna uwezekano gani kwamba angalau moja ni ree?

Jozi zote za karata ni 52 × 51 ÷ 2, yaani 1,326. Tunagawa kwa mbili kwa kuwa karata mbili zilizo mkononi ni zilezile, iwe ipi ilitangulia. Hapo msomaji mwangalifu atanikatiza: si ndiyo kwanza tumemkemea mtu kwa kupuuza mpangilio? Ni kweli, na tofauti iko hapa. Katika pakiti hakuna karata mbili zinazofanana, kwa hiyo kila jozi bila kubakiza hata moja ina mipangilio miwili kamili. Ukipuuza mpangilio unazipunguza zote kwa nusu, na uzito wake unabaki sawa. Dadu zina pacha, na pacha hazina mpangilio wa pili. Ndiyo maana jozi 1,326 za karata zinaweza kutumika kama msingi wa hesabu, na jozi 21 za dadu haziwezi.

Lililobaki ni kuhesabu zenye ree. Njia inayomjia karibu kila mtu ni hii: chagua ree moja, namna 4, karata ya pili iwe yoyote kati ya 51 zilizobaki. Nne mara 51 ni 204. Inapendeza, kwani sharti limetimizwa (ree ipo) na karata ya pili imeachwa huru. Lakini jibu ni 198.

Chukua jozi mbili tuzitazame kwa karibu. Ya kwanza ni ree ya kopa na 7 ya uru. Kanuni yetu imeizalisha kwa njia moja: ree ya kopa imechaguliwa kama "ree", na 7 ya uru imekuja kama "yoyote". Haiwezi kuwa kinyume, kwa sababu 7 si ree. Ya pili ni ree ya kopa na ree ya shupaza. Hii imezalishwa kopa ikiwa "ree" na shupaza ikiwa "yoyote". Halafu ikazalishwa tena shupaza ikiwa "ree" na kopa ikiwa "yoyote". Mkononi ni karata zilezile mbili. Jozi za ree kwa ree ni sita: shupaza na kopa, shupaza na uru, shupaza na pau, kopa na uru, kopa na pau, uru na pau. Kila moja imeingia kwenye 204 mara mbili. Toa sita za ziada, unabaki na 198, na uwezekano ni 198/1,326, karibu asilimia 14.9. Ukikagua kwa njia ya kinyume, jozi zisizo na ree hata moja ni 48 × 47 ÷ 2 = 1,128, na 1,326 ukitoa 1,128 inabaki 198.

Dalili ya hatari ilikuwa kwenye kanuni yenyewe. Ilimpa kitu kimoja cheo cha "ree" na kingine cheo cha "yoyote", ilhali "yoyote" nayo inaweza kuwa ree. Kila vyeo viwili vinapoweza kubadilishana wenyewe bila matokeo kubadilika, jua kuna kitu kimeingia mara mbili.

Je, tungeweza kurekebisha kwa kugawa kwa mbili? Hapana, kwa kuwa si jozi zote zilizorudiwa. Jambo hili linaonekana vizuri zaidi karata zikiwa tatu. Migao yote ya karata tatu ni 52 × 51 × 50 ÷ 6, yaani 22,100. Kanuni mbovu inasema: ree moja kwa namna 4, halafu karata mbili zozote kati ya 51, ambazo ni jozi 1,275, jumla 5,100. Tuivunje migao yenyewe kulingana na idadi kamili ya ree. Yenye ree moja kamili ni 4 × 1,128, yaani 4,512. Yenye ree mbili kamili ni jozi 6 za ree mara karata 48 za kawaida, yaani 288. Yenye ree tatu ni 4, kwa maana unaacha ree moja nje. Jumla ya kweli ni 4,804.

Ile 296 ya ziada ilitoka wapi? Migao 4,512 ya ree moja imehesabiwa mara moja kila mmoja. Ile 288 yenye ree mbili imehesabiwa mara mbili, ikawa 576. Ile minne ya ree tatu imehesabiwa mara tatu, ikawa 12. Zijumlishe: 4,512 na 576 na 12 ni 5,100 kamili. Kanuni mbovu haikubahatisha ovyo. Kila mgao ulihesabiwa mara nyingi sawasawa na ree zilizomo ndani yake.

Kwa hiyo 5,100 ina maana yake: ni idadi ya ree zote zilizomo katika migao yote 22,100. Zile 12 za kwenye dadu nazo hazikuwa visanduku vyenye tano. Zilikuwa tano zenyewe, kwa sababu visanduku 11 vina tano 12, kimoja kikiwa nazo mbili. Aliyekosea alijibu kwa usahihi swali jingine. Ukigawa 12 kwa 36 unapata wastani wa tano ngapi zinatokea kwa kila mrusho. Ukigawa 204 kwa 1,326 unapata wastani wa ree ngapi ziko kwenye jozi ya karata. Wastani huo na uwezekano wa "angalau moja" hukaribiana sana pale ambapo kupata mbili ni nadra, na ndiyo sababu kosa hili linaweza kupita mtihani baada ya mtihani bila kugunduliwa: asilimia 15.4 badala ya 14.9, nani atashtuka?

Atashtuka anayecheza mchezo wa watu wanne. Pakiti yote ikigawiwa sawasawa, kila mtu anapata karata 13. Pitisha kanuni mbovu kwenye mgao huo, na kugawa kwake kutatoa 1 kamili, kana kwamba kila mchezaji kila mara ana ree mkononi. Aliyewahi kukaa mkekani anajua si kweli. Ree mbili humwendea jirani na wewe ukabaki unatazama. Hesabu sahihi, kwa kutoa migao isiyo na ree, inasema nafasi ya kuwa na angalau ree moja ni karibu asilimia 69.6, yaani takriban mara tatu kati ya kumi unagawiwa karata 13 bila ree hata moja. Lakini ile 1 si upuuzi. Ree nne zimegawiwa watu wanne, na wastani wake ni ree moja kwa kila mtu. Ongeza karata ya 14 kwenye kanuni mbovu na itakupa uwezekano unaozidi 1, na hapo hata asiyecheza karata ataona kuna kitu kimeharibika. Hicho ni kipimo kizuri cha kanuni yoyote unayoitilia shaka: iongezee dadu au karata mpaka ama ivuke 1, ama ikuridhishe.

Mkanganyiko huu huu wa wastani na uwezekano ulimsumbua mtu mmoja huko Ufaransa, na kwa sababu yake umebaki katika historia ya hisabati. Tarehe 29 Julai 1654 Blaise Pascal alimwandikia Pierre de Fermat barua, na ndani yake akaeleza malalamiko ya mwungwana mmoja mpenda michezo, Chevalier de Méré. De Méré alijua michezo miwili. Katika wa kwanza unarusha dadu moja mara nne, na unashinda ikitokea 6 angalau mara moja. Katika wa pili unarusha dadu mbili mara 24, na unashinda zikitokea 6 mbili kwa pamoja angalau mara moja. Tokeo la kwanza lina nafasi 1 kati ya 6, la pili 1 kati ya 36. Nne ukigawa kwa sita ni theluthi mbili. 24 ukigawa kwa 36 nayo ni theluthi mbili. Michezo hiyo, aliona de Méré, ilipaswa kuwa sawa. Haikuwa sawa, na kwa mujibu wa barua ya Pascal alikasirika kiasi cha kusema kwamba hesabu inajipinga yenyewe.

Sisi sasa tunaijua hiyo theluthi mbili. Ni wastani wa 6 zinazotarajiwa katika mirusho minne, na wastani wa jozi za 6 zinazotarajiwa katika mirusho 24, na kwa wastani michezo hiyo ni sawa kabisa. Lakini mchezaji halipwi kwa kila 6. Analipwa mara moja kwa mchezo, hata kama 6 zimetokea tatu. Hesabu kwa kinyume, basi. Mirusho minne ya dadu moja ina matokeo 1,296, na yasiyo na 6 ni 5 × 5 × 5 × 5 = 625, kwa hiyo ya ushindi ni 671. Pascal katika barua yake alizitaja namba hizo hizo mbili, 671 kwa 625. Uwezekano ni asilimia 51.8, na anayecheza upande huo ana faida ndogo. Katika mchezo wa pili, nafasi ya kukosa ni 35/36 ikizidishwa kwa yenyewe mara 24, na ushindi unaobaki ni asilimia 49.1.

Tofauti hiyo ndogo inatokana na kurudiarudia. Katika mirusho minne, 6 haziwezi kuzidi nne. Katika mirusho 24, jozi za 6 zina nafasi nyingi zaidi za kurundikana ndani ya mchezo mmoja, mbili, tatu, hata tano, na kila inayozidi ya kwanza inaongeza wastani bila kuongeza senti kwenye malipo. Ukitaka mchezo wa pili nao ukulipe, unahitaji mirusho 25: hapo nafasi inapanda hadi asilimia 50.6.